Mzee Kaniambia Nimeagiza, Sijasali

Bwana Yesu asifiwe, Baba Mwinjilisti, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga, ni msharika wa KKKT. Jumuiya yetu hukutana Jumamosi alfajiri, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Mwezi uliopita tulikuwa kwa mama mmoja ambaye kijana wake wa bodaboda aligongwa barabara ya Pangani, mguu umevunjika, amelazwa Bombo. Nikaambiwa nisali. Nilianza kwa kushukuru, nikamwombea kijana, nikaendelea na wajane, wanafunzi wa kidato cha nne, Rais, mvua, wasafiri, ujenzi wa kanisa, hadi nikaishiwa. Tulipokaa, mzee wa kanisa akacheka akasema, "Mama, leo umeagiza, hujasali."

Hilo ningelimeza. Lililoniumiza ni jingine. Katikati ya sala nilitubu kwa niaba yetu. Nilisema, "Utusamehe Bwana sisi tuliojua kijana amelala Bombo wiki mbili na hatukwenda hata kumwona." Dada mmoja alikasirika, anasema nimemsema mbele za watu kwa kisingizio cha sala. Tangu siku hiyo hanisalimii vizuri.

Naomba unisaidie. Sifa na shukrani zina tofauti gani, maana mimi naona ni kitu kimoja? Toba ya kusali na watu inasemwaje? Na je, ni lazima kila sala iwe na vyote vinne, yaani sifa, toba, shukrani na ombi, na kila kimoja kichukue muda gani? Zamu yangu inarudi karibuni na sitaki kuaibika tena.

Mama wa Makorora

*

Marahaba, mwanangu, na Yesu asifiwe.

Nianze na huyo dada, maana hapo ndipo penye kidonda. Swali la kwanza ni lako wewe: je, ulikuwa umekwenda Bombo? Barua yako haikusema. Kama hukwenda, ulisema kweli, na neno "sisi" lilikuwa lako kwanza. Lakini kama ulikwenda, tena ukabeba uji kwenye chupa, basi lile "sisi" lilikuwa la adabu tu. Kwa kweli ulikuwa unasema "ninyi". Watu wana masikio, mwanangu. Wanaijua sauti ya mtu anayejitia kundini ili apate nafasi ya kuwachapa wengine.

Toba katika sala ni mtu kusema kosa lake. Kosa la mwenzako ukilisema mbele za Mungu huku mwenyewe amekaa mkekani hapo hapo amefumba macho, hiyo ni mashitaka, hata ukiipamba vipi. Mwenzako hana hata nafasi ya kujibu, maana nani atamkatiza mtu anayesali? Mume na mke hufanyiana haya sana. "Bwana, umguse mume wangu aache ulevi," anasema kwa sauti, na mume yuko upande wa pili wa meza. Ombi ni halali, ila mahali pake ni chumbani, peke yako.

Fungua Nehemia sura ya 1, tutakaa hapo kwa muda. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, na habari zikamfikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa na malango yake yameteketezwa kwa moto. Alipotubu alisema wana wa Israeli wamekosa, kisha papo hapo akajitaja: mimi na nyumba ya baba yangu tumekosa. Yerusalemu ilikuwa imeanguka zaidi ya miaka 100 kabla ya siku hiyo. Angeweza kusema wazee wetu walikosa, sisi ni wahanga tu, na hakuna ambaye angembishia. Hakusema hivyo. Kisha aliyataja makosa kwa upana ambao kila Mwisraeli angeukubali bila mtu mmoja kunyooshewa kidole: hatukuzishika amri ulizompa Musa.

Kipimo ninachowapa watu ni Amina. Paulo aliwauliza Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 14, mtu atawezaje kuitikia Amina kwa shukrani yako ikiwa hajui unalosema? Yeye alikuwa anazungumzia lugha ambazo watu hawazielewi, lakini kanuni inafaa hapa pia. Unaposali mbele ya jumuiya, sala si yako peke yako, ni ya wote watakaosema Amina. Kwa hiyo toba ya hadhara iwe ile ambayo kila aliyekaa pale anaweza kuiitikia kwa kweli, na wewe wa kwanza. "Tumekuwa wazito kutembeleana" kila mtu ataitikia. "Tuliojua kijana amelala wiki mbili hatukwenda" itaitikiwa na wale waliokwenda, kwa sauti kubwa, na waliobaki watainamisha vichwa. Ukipasua kundi mara mbili katikati ya sala, ujue toba imegeuka.

Dhambi yako mahususi, yenye siku na jina, iungame kwa Mungu faraghani, kwa mchungaji ukihitaji, na kwa yule uliyemkosea. Ndiyo maana katika Mathayo 5 Bwana anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale, uende ukapatane naye kwanza. Huyo dada ana neno juu yako. Nenda kwake kabla zamu yako haijafika. Usiende na Biblia wala usiende na mashahidi. Mwambie, "Dada yangu, niliposali siku ile nilikugusa, nisamehe." Ukianza kueleza nia yako ilikuwa ipi, mtarudi kubishana.

Sasa sifa na shukrani. Tofauti ipo, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Shukrani ina tukio nyuma yake: Mungu ametenda jambo, nami nalitaja. Sifa inamtaja yeye alivyo, awe ametenda jambo hilo au bado. Ukisema "Bwana, wewe ni mponyaji," unaweza kuyasema hayo usiku ule ule wa ajali, mguu ukiwa bado unavuja damu, na yakabaki kweli hata kijana akibaki kuchechemea. Hiyo ni sifa. Ukisema "Bwana, asante, gari lilimpiga mguuni na halikumpanda kichwa," hiyo ni shukrani, nayo isingewezekana kusemwa siku moja kabla. Jiulize tu kama sentensi yako ingeweza kusemwa jana. Ikiwezekana, ni sifa. Ikihitaji jambo la leo, ni shukrani.

Usigeuke askari wa mipaka, hata hivyo. Zaburi ya 136 inaanza, "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema," yaani shukrani yenyewe imesimama juu ya jinsi alivyo. Kisha inashuka kwenye matukio: kuumba mbingu, kuwatoa Israeli Misri, kuigawa Bahari ya Shamu, hadi kumwua Ogu mfalme wa Bashani, na kila mstari katika 26 unarudia kwamba fadhili zake ni za milele. Kila tendo linapotajwa, watu wanarudishwa kwa aliyelitenda. Kwa hiyo ukiona hivyo viwili vinaingiliana katika sala yako, hujakosea. Umuhimu wa kuvitofautisha ni mmoja: bila hivyo, mtu ambaye hajapokea kitu wiki hiyo anadhani hana la kumwambia Mungu ila kuomba. Mama wa yule kijana siku ile hakuwa na shukrani nyingi moyoni, na usimlazimishe. Lakini kumsifu Mungu angeweza, hata kwa machozi.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Sifa zetu za kwenye jumuiya nyingi ni mlolongo wa majina. Simba wa Yuda, Alfa na Omega, Jehova Yire, Mwamba wa Kale, Mfalme wa wafalme, yote kwa pumzi moja, mpaka unajiuliza msemaji anamwita nani. Majina yenyewe ni mazuri, lakini Simba wa Yuda ana neno gani na mguu wa kijana aliyefungwa hogo? Chagua sifa moja, ile ambayo ombi lako litaiegemea. Nehemia alimwita Mungu mkuu, mwenye kutisha, anayetimiza agano na rehema kwao wampendao. Kwa nini agano? Kwa sababu mistari mitatu mbele atamkumbusha Mungu neno alilomwambia Musa, kwamba wakikosa atawatawanya, na wakirudi atawakusanya hata kama wametupwa mwisho wa mbingu. Hakusifu ili kupasha moto koo. Aliweka msingi, kisha akajenga juu yake.

Na shukrani zetu nazo zina ugonjwa wake. Umeandika kwamba ulianza kwa kushukuru, na nitabahatisha ulivyosema, maana wote tumelishwa chakula kimoja: "Tunakushukuru Bwana kwa uzima na afya, wengi walitamani kuiona siku hii ya leo hawakuiona, wengine wako mahospitalini." Nimekosea? Maneno hayo hutoka yenyewe. Sasa fikiria umeyasema ndani ya nyumba ambayo mtoto wao yuko hospitali. Mama wa watu amekaa pembeni anasikia unamshukuru Mungu kwamba wewe si mwanawe.

Shukrani ya kujilinganisha ina hatari, na Bwana ameionyesha katika Luka 18. Farisayo pale hekaluni hakuomba kitu hata kimoja. Sala yake yote ni shukrani tupu: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine, wanyang'anyi, wadhalimu, wazinzi, wala kama huyu mtoza ushuru." Ukihesabu sehemu, angepata alama nzuri kuliko mtoza ushuru, ambaye alikuwa na toba peke yake, tena ya sentensi moja. Aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki ni huyu wa pili. Wengi hujisalimisha kwa kuongeza "si kwa wema wetu", na ni vizuri wanaongeza, lakini dawa bora ni kushukuru kwa jambo lenye jina: dereva wa bajaji aliyesimama akambeba, damu iliyopatikana, usiku aliolala bila kulia. Ukikosa jambo la kutaja, muulize mwenye nyumba kabla ya kusali. Dakika moja tu: "Mama, tangu Jumamosi ile, ni lipi umeliona?" Atakwambia, na shukrani itakuwa yake.

Tuje kwenye kuagiza. Mzee wako alikuchoma, lakini usimwelewe vibaya. Kuomba si sehemu ya aibu katika sala. Baba Yetu yote ni maombi, na Katekisimu Ndogo tuliyofundishwa kipaimara inayahesabu kuwa 7. Nehemia naye alikuwa anaelekea kwenye ombi tangu neno la kwanza. Tazama tu ombi lenyewe lilivyo katika mstari wa 11: umfanikishe mtumishi wako leo, umjalie rehema mbele ya mtu huyu. Basi. Halikutaja mbao, wala barua za maliwali, wala ukuta. Hayo yalikuja baadaye katika sura ya 2, mfalme alipomuuliza anataka nini. Sala iliyokuwa na nchi nzima ndani yake iliishia kwenye mlango mmoja uliohitaji kufunguka kwanza.

Wewe ulikuwa na wajane, wanafunzi, Rais, mvua, wasafiri na kanisa. Hakuna hata mmoja asiyestahili kuombewa, ila kila ulipoongeza mmoja, kijana wa Bombo alisogezwa nyuma, na ilipofika Amina hakuna aliyekumbuka mmekuja kwa nani. Maombezi mapana yana mahali pake ibadani Jumapili, na hapo jumuiya mnaweza kugawana kabla ya kufumba macho: mmoja wanafunzi, mwingine wajane, sentensi moja moja. Anayesali kwa ajili ya nyumba asali kwa ajili ya nyumba.

Umeuliza muda. Sina saa ya kukupa, na ukipewa na mtu, mrudishie. Katika Danieli 9 toba imechukua sehemu kubwa ya sala na ombi limebanwa mwishoni. Kwa Nehemia hakuna neno asante hata moja. Kinachokaribia shukrani ni mstari wa 10, anaposema hawa ndio watu wako uliowakomboa kwa uweza wako mkuu. Baba Yetu nayo haina neno la shukrani, na toba yake imekuja baada ya mkate, si mwanzoni. Kwa hiyo hata ule utaratibu wa sifa kwanza, toba pili, shukrani tatu, ombi mwisho, ambao vijana wanafundishwa, ni fimbo ya kutembelea. Ni mzuri kwa anayejifunza, maana unamzuia kukimbilia haja zake. Lakini si sheria, na asiyeufuata hajavunja kitu.

Uwiano ninaoutafuta mimi ni huu: vile vinne vizungumzie jambo moja. Sifa iseme Mungu ni nani katika jambo hili, shukrani iseme amekwisha kufanya nini ndani yake, toba iseme sisi tumekosea wapi humo humo, na ombi liseme tunataka nini. Sifa ikiwa ya uumbaji, shukrani ya kuamka salama, toba ya dhambi za kuwaza na kunena, na ombi la mguu, una sala nne zilizofungwa kamba moja, na msikilizaji anaisikia kamba ikilegea. Zikiwa za jambo moja, hata sehemu moja ikiwa na maneno kumi haitapwaya.

Kwa nyumba ile ningesema hivi:

"Ee Mungu Baba yetu, wewe huwa karibu na waliovunjika, wala humwachi mtu kando ya njia. Tunakushukuru kwa dereva aliyesimama akamwinua mtoto wetu, na kwa madaktari na wauguzi waliompokea usiku ule. Tunakushukuru kwamba juzi amelala bila maumivu, kama mama yake alivyotuambia. Bwana, sisi tu wepesi kusema pole na wazito kuondoka nyumbani. Mara nyingi tumempita mtu aliyelala, tukasema wapo wengine watakaomwona. Utusamehe, na utupe miguu ya kwenda. Tunakuomba kwa ajili ya kijana huyu: mfupa wake ushike, na moyo wake usivunjike katika siku hizi ndefu za kitandani. Umpe mama yake nguvu ya kupanda na kushuka kila siku na chakula. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo, aliyewagusa wagonjwa kwa mkono wake. Amina."

Ukiisoma taratibu haifiki dakika mbili. Sifa ni sentensi moja, nayo ni ya Mungu asiyemwacha mtu kando ya njia, kwa sababu kijana aliangushwa kando ya njia. Shukrani inamtaja dereva aliyesimama, na tayari imekuwa ushahidi wa sifa. Toba inasema sisi tumepita, yaani kinyume cha yule dereva na kinyume cha Mungu tuliyemsifu, na hapo kila mtu anajiona bila kutajwa. Jambo lako la Bombo limo lote, dada yetu hana la kulalamikia, na aliyekwenda Bombo mara tatu naye ataitikia, maana kuna mwingine aliyempita. Na toba ina ombi ndani yake, utupe miguu ya kwenda, ambalo mtu anaweza kuanza kulitimiza baada ya chai. Ombi la kijana lina mambo mawili tu, mfupa na moyo, na la mama yake ni moja.

Usiikariri. Luther alipomwandikia Petro, kinyozi wake wa Wittenberg, mwaka 1535 kumfundisha kusali, alimpa mifano mirefu kisha akamwonya asiirudie neno kwa neno, maana ingegeuka kelele tupu. Alimshauri achukue amri moja moja na kuisokota kama shada la nyuzi nne: inanifundisha nini, nishukuru kwa lipi, niungame lipi, niombe lipi. Uzi wa kwanza kwake ni mafundisho, si sifa, lakini ujanja ni ule ule, jambo moja likipitishwa kwenye nyuzi zote. Na akamwambia jambo ambalo kinyozi angelielewa: anayenyoa huku akili iko kwingine na mdomo unapiga soga, ataweza kumkata mteja pua, au hata koo. Nadhani huyo mteja ndiye yule mama wakati tunamwimbia "wengine wako mahospitalini".

Kuna siku ambazo haya yote unayaweka kando. Petro alipoanza kuzama alisema, "Bwana, niokoe," na mkono ukanyoshwa. Hakuna aliyemuuliza sifa ziko wapi. Simu ikipigwa saa nane usiku kwamba kijana amezidiwa, omba kwa maneno mawili, kisha tafuta usafiri. Hata Nehemia, baada ya miezi kama minne ya kusali kutoka Kisleu hadi Nisani, mfalme alipomuuliza haja yake, alimwomba Mungu pale pale, katikati ya swali na jibu, na bila shaka ilikuwa sala fupi mno. Ile ndefu ilikuwa imekwisha kuombwa. Na nyumba yenye msiba wa usiku ule usiingie na shukrani kwa nguvu. Soma Zaburi ya 88, ambayo inamalizikia gizani, na iko ndani ya Biblia pamoja na zile za vigelegele.

Kijana akitoka Bombo, jumuiya mtataka kufanya shukrani kwake. Hapo nakuomba ufanye kinyume cha sala ya kwanza: usiombe. Wakoma 10 walipaza sauti kuomba, na aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, Msamaria. Sisi tunarudi, lakini tukifika tu tunaanza orodha mpya: sasa Bwana apate pikipiki nyingine, sasa apate mchumba. Ingoje Jumamosi inayofuata. Siku hiyo taja dereva, taja damu, taja wauguzi, mpe kijana mwenyewe nafasi aseme neno akiwa na magongo yake, mwimbe, mle. Na kama yule dada amekuja, mwombe yeye ndiye asali.